Msafiri au Mkazi? Nyakati za Sala Tano na Hukumu ya Safari katika Njia ya Misafara ya Maniema

1. Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au asiwe, huigawa siku yake kwa majina ya sala. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha ni majina ya ibada, lakini ni majina ya saa vilevile. Hapa kwetu Kongo hata mtu asiyepata kuingia msikitini husema mangaribi akikusudia jioni, wala hafikiri kwamba anataja sala. Majina hayo yalitufikia kwa miguu. Yaliletwa na misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Nyangwe na Kasongo katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Katika makala haya hatukusudii kueleza sala yote na masharti yake. Tunashika jambo moja tu: namna wakati wa sala unavyojulikana, na namna msafiri anavyoruhusiwa kufupisha sala au kuzikusanya. Tunalitazama jambo hilo katika njia ya Maniema, kwa sababu huko swali la sheria lilikuwa na uzito usio wa kawaida. Jua huwaongoza watu wote kwa namna moja, bali safari haijulikani kwa kutazama mbingu. Hujulikana kwa nia ya mtu, na kwa jibu lake akiulizwa: je, hapa ni kwako au unapita? Mfanyabiashara aliyetoka Unguja na kukaa Maniema miaka kumi ilimbidi kulijibu swali hilo kila siku, kwa hesabu ya rakaa zake.

2. Kivuli cha kijiti

Asili ya nyakati, kwa mapokezi ya Waislamu, ni habari ya malaika Jibrili aliyemsalisha Mtume karibu na Al-Kaaba siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza alisali kila sala mwanzoni mwa wakati wake. Siku ya pili aliichelewesha, kisha akasema kwamba wakati ni baina ya hizo mbili. Kwa hiyo wakati wa sala si nukta bali ni nafasi yenye mwanzo na mwisho. Anayesali kabla ya mwanzo hana sala, itambidi airudie. Anayesali baada ya mwisho amelipa deni, lakini amekwisha chelewa.

Nafasi hizo hupimwa kwa mwanga na kivuli. Alfajiri huanza nuru nyeupe inapotanda kwa upana katika upeo wa mashariki. Kabla yake hutokea nuru nyingine iliyosimama wima kama mkia, kisha ikafifia. Hiyo huitwa alfajiri ya uongo, na anayesali kwa nuru hiyo amesali usiku. Wakati wa alfajiri huisha jua linapochomoza. Adhuhuri huanza jua linapopinduka kutoka kilele chake. Alasiri huanza kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, baada ya kutoa kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kileleni. Magharibi huanza duara lote la jua linapozama, na isha huanza wekundu wa magharibi unapotoweka. Hiyo ndiyo kauli ya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waswahili walio wengi. Abu Hanifa aliichelewesha alasiri mpaka kivuli kiwe mara mbili ya urefu.

Natuchukue Kasongo, ambayo iko kusini ya ikweta kwa digrii 4 na nusu hivi. Tusimamishe kijiti cha sentimita 100 mahali palipo sawa. Mnamo tarehe 21 Juni jua hupita kaskazini yetu, na saa ya kilele kijiti hutupa upande wa kusini kivuli cha sentimita 53. Kivuli hicho kikianza kurefuka, adhuhuri imeingia. Alasiri haiingii kivuli kikifika sentimita 100, kama mwanafunzi wa haraka anavyoweza kudhani, bali kikifika 153, yaani urefu wa kijiti pamoja na kile kivuli cha kilele. Hapo zitakuwa zimepita saa 3 na dakika 23 tangu jua lipinduke. Tarehe 21 Desemba jua huwa limehamia kusini. Kivuli cha kilele huelekea kaskazini nacho ni sentimita 34, na alasiri huingia baada ya saa 3 na dakika 27.

Lakini mnamo tarehe 9 Machi, na tena mnamo tarehe 4 Oktoba, jua hupita utosini. Kijiti hakina kivuli kabisa kwa muda mfupi, na hapo ndipo alasiri huingia kivuli kikiwa sentimita 100 kamili, saa 3 baada ya adhuhuri. Basi katika nchi yetu alasiri hutembea baina ya saa tisa na saa tisa na nusu ya jua, mwaka mzima. Mtu wa kaskazini ya mbali, ambaye siku yake ya Juni huwa ndefu mno na ya Desemba fupi mno, hana raha hiyo. Ndiyo maana pia hesabu ya saa za Kiswahili, inayoanzia macheo na machweo, ilisafiri kutoka pwani hadi Maniema bila kuharibika: macheo ya Kasongo hayaondoki kwenye wastani wa jua kwa zaidi ya dakika 8 hivi, mbele au nyuma.

Shida za Maniema zilikuwa nyingine. Ya kwanza ni mvua. Mwezi wa Machi, jua linapopita utosini, mara nyingi halionekani. Sheria humwamuru mtu wa hali hiyo ajitahidi: akadirie kwa kazi aliyoizoea, kwa kiasi cha kisomo alichokwisha soma tangu alfajiri, hata kwa kuwika kwa jogoo aliyejaribiwa. Akija kutambua kwamba alisali kabla ya wakati, huirudia. Shida ya pili ni msitu, ambao huficha upeo. Huko jua huonekana limezama kabla halijazama. Vitabu vya fikihi vilikuwa na jibu lililotungwa kwa ajili ya nchi za milima: mtu asitazame jua lenyewe, bali atazame vilele kama mwanga umeviacha, na atazame mashariki kama giza linapanda kutoka upande huo.

Leo ratiba zilizopigwa chapa na simu za mkononi zimechukua kazi ya kijiti, ila zimeleta kosa lao. Kasongo hufuata saa za mashariki ya nchi, zinazolingana na longitudo ya digrii 30, ilhali mji wenyewe uko magharibi ya mstari huo. Kwa hiyo jua hufika kileleni kwa wastani saa sita na dakika 13, na mwaka unapozunguka huchezacheza baina ya saa sita kasoro dakika 3, mwanzoni mwa Novemba, na saa sita na dakika 28, katikati ya Februari. Kinshasa, yenye saa yake ya magharibi, ina wastani wa saa sita kamili hivi. Anayetundika ratiba ya Kinshasa katika msikiti wa Kasongo, akidhani tofauti ya saa moja imekwisha maliza mambo, atawaadhinia watu magharibi dakika 14 hivi kabla ya wakati. Katika Ramadhani watu watafungua saumu jua likingali mbinguni. Kosa hilo hutambulikana kwa kijiti kilekile: ratiba ikisema adhuhuri imeingia na kivuli kingali kinapungua, ratiba si ya mahali hapo.

3. Kufupisha na kukusanya

Ruhusa ya kufupisha imetajwa katika Kurani, sura ya Annisaa, aya ya 101, pamoja na hali ya kuwahofia maadui. Masahaba walilitambua jambo hilo. Yaala bin Umayya alimwuliza Umari kwa nini watu waendelee kufupisha ilhali sasa wana amani. Umari alijibu kwamba yeye naye alishangaa, akamwuliza Mtume, naye akamwambia kuwa hiyo ni sadaka ya Mungu kwao, basi waipokee. Toka hapo hofu iliondoka katika sharti, ikabaki safari peke yake.

Kinachofupishwa ni sala za rakaa nne tu. Adhuhuri, alasiri na isha huwa rakaa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu, na alfajiri hubaki mbili. Kwa hiyo rakaa 17 za siku huwa 11. Msafiri haanzi kufupisha nyumbani mwake, hata akiwa amefunga mizigo. Huanza akiisha kuvuka majengo ya mwisho ya mji wake. Akisali nyuma ya imamu mkazi, hukamilisha nne pamoja naye.

Kukusanya ni jambo jingine, na watu wengi huyachanganya. Hakupunguzi rakaa, huhamisha wakati. Adhuhuri hukusanywa na alasiri, na magharibi na isha, ama katika wakati wa ile ya kwanza, ama katika wakati wa ile ya pili. Alfajiri haikusanywi na sala yoyote, wala alasiri haikusanywi na magharibi. Anasi bin Maliki alipokea kwamba Mtume, akiondoka kabla jua halijapinduka, aliichelewesha adhuhuri mpaka alasiri, akashuka na kuzisali pamoja. Muadhi bin Jabali alisimulia mambo ya namna hiyo katika safari ya Tabuk ya mwaka 630. Madhehebu ya Shafii yamejenga juu ya habari hizo. Wafuasi wa Abu Hanifa hawakubali kukusanya ila kwa mahujaji wakiwa Arafa na Muzdalifa.

4. Siku ya msafara

Sasa tuiweke sheria hiyo njiani. Msafara wa karne ya 19 ulikuwa na desturi ya kuondoka alfajiri, kabla jua halijawa kali, na kutua kambini karibu na saa tano, ili watu wapate maji, wajenge vibanda na kupika. Ukitazama desturi hiyo kwa jicho la mwanafikihi utaona jambo la ajabu kidogo. Msafara ulikuwa ukitembea katika nafasi ile ambayo haina sala ya faradhi, yaani baina ya macheo na kupinduka kwa jua. Mwislamu alisali alfajiri kabla ya kubeba mzigo, na adhuhuri ilimkuta ameketi. Hivyo kufupisha kulikuwa haki yake kila siku, bali haja ya kukusanya ilikuwa ndogo. Na wanazuoni wa Shafii husema kwamba pasipo haja ni bora kuacha kukusanya, na kuisali kila sala katika wakati wake.

Palikuwa na siku zilizovunja utaratibu huo. Mahali ambapo maji yalikuwa mbali, wapagazi walifanya mwendo ulioitwa terekeza, ambao baadhi ya wasafiri wa Kizungu waliuandika tirikeza. Msafara ulitua mchana, watu wakala na kujaza vibuyu, kisha wakaondoka tena alasiri na kutembea mpaka usiku, wakalala pasipo maji ili wayafikie maji asubuhi ya pili. Siku hiyo kukusanya kulikuwa na maana.

Tumfuate Mwislamu mmoja katika mwendo wa namna hiyo, kwa kanuni ya Shafii. Ametua saa tano, na kiongozi amesema wataondoka saa saba. Hawezi kusali saa tano na nusu kwa sababu ya haraka, jua halijapinduka. Hungoja kivuli kianze kurefuka, kisha husali adhuhuri rakaa mbili, akinuia ndani yake kuikusanya na alasiri. Akitoa salamu husimama mara moja kwa alasiri, rakaa mbili, bila kuweka mazungumzo marefu katikati. Utaratibu una masharti yake: adhuhuri itangulie, nia iwemo katika sala ya kwanza, zifuatane, na safari iwe bado haijakwisha. Alasiri yake imekwisha, ingawa wakati wake haujaingia.

Magharibi humkuta njiani. Msafara hausimami, kwa maana aliyebaki nyuma peke yake usiku aweza kupotea. Basi huichelewesha ili aisali pamoja na isha. Lakini kuchelewesha si kusahau. Ni lazima, wakati wa magharibi ungalipo, anuie moyoni kwamba anaihamishia wakati wa isha. Asiponuia mpaka wekundu wa mbingu ukatoweka, sala hiyo imekuwa kadhaa, naye amepata dhambi ya kuipitisha. Watu wawili waweza kutembea bega kwa bega saa ileile, na kusali kambini saa ileile, mmoja akawa ametumia ruhusa na mwenziwe akawa amepoteza sala. Tofauti yao ni nia isiyoonekana.

Wakitua saa mbili usiku, maji yaliyomo vibuyuni ni ya kunywa. Sheria haimlazimishi mtu kutawadha kwa maji ambayo uhai wake unayahitaji. Hupiga mikono juu ya udongo safi na kutayamamu, kisha husali magharibi rakaa tatu. Hapo mwenye elimu ndogo hukosea. Kwa Shafii tayamamu moja haifai kwa faradhi mbili, hivyo hutayamamu mara ya pili ndipo asali isha rakaa mbili. Muda mfupi wa kutayamamu hauvunji mkusanyo. Hesabu yake ya mchana na usiku ni rakaa 9 badala ya 15, katika vituo viwili badala ya vinne.

5. Mwisho wa safari ni wapi?

Kuanza kwa safari hakuna matata. Matata yako katika mpaka wake, na hapa watu wa pwani hawakuwa na kauli moja. Waswahili na waungwana wa misafara, kwa jumla, walikuwa Washafii. Waarabu wengi wenye asili ya Oman walikuwa Waibadhi, na serikali ya Unguja iliwaweka makadhi wa pande zote mbili. Tuzilinganishe hukumu zao.

Kwa Shafii, kufupisha ni ruhusa, na safari inayoruhusu ni ya marhala mbili, yaani farsakhi 16, ambazo wanazuoni wa leo huzikadiria kuwa kilomita 81 au zaidi kidogo. Kinachohesabiwa ni umbali, wala si siku. Msafara uliokwenda kilomita 12 au 15 kwa siku uliuchukua umbali huo kwa siku sita hivi, na lori huumaliza kwa asubuhi moja, nayo hukumu ni ileile. Kwa Waibadhi, kufupisha si ruhusa bali ni wajibu wa msafiri, na umbali wake ni farsakhi 2 tu, ambazo wao huzihesabu kuwa kilomita 12. Basi watu wawili wakiondoka Kasongo ya leo kwenda Nyangwe, ambako kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 60, Mshafii husali nne njia nzima, na Mwibadhi husali mbili tangu siku ya kwanza.

Tofauti kubwa zaidi ni ya kukaa. Mshafii akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake hukatika anapofika. Tuseme ameingia Kasongo Jumatatu. Akinuia kuondoka Ijumaa, siku kamili ni tatu, naye hufupisha. Akinuia kuondoka Jumamosi, siku ni nne, naye hukamilisha tangu sala yake ya kwanza mjini. Kanuni hiyo hutegemezwa juu ya habari kwamba Muhajirina walioihama Makka waliruhusiwa kukaa humo siku tatu tu baada ya kumaliza hija. Siku tatu zilihesabiwa kuwa za mpitaji, na zaidi ya hapo ni ukazi.

Aliyefika bila kujua siku ya kuondoka, akingoja mitumbwi au pembe na kutumaini kila asubuhi kwamba ataondoka leo, huyo hufupisha mpaka siku 18. Siku ya 19 hukamilisha hata kama mitumbwi haijaja. Asili yake ni mwaka 630, Mtume alipoingia Makka na kukaa siku kadhaa akifupisha. Imrani bin Huseini alizihesabu 18, na Ibn Abbasi alizihesabu 19. Katika habari hiyo ya Imrani Mtume aliwasalisha watu wa Makka rakaa mbili, kisha akawaambia wao wakamilishe nne, kwa kuwa yeye na wenziwe walikuwa wasafiri.

Mwibadhi hana hesabu hiyo ya siku. Maadamu hajaifanya nchi ile kuwa watani, yaani maskani yake ya kudumu, yeye ni msafiri, hata akikaa miaka. Hapo ndipo sheria ilipogusa maisha ya Maniema. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili zikachapishwa mnamo mwaka 1902 na 1903, alitoka Unguja mnamo mwaka 1870 na hakurudi hadi 1882. Katika miaka hiyo watu wa namna yake walijenga nyumba, walipanda mpunga, walioa na kuzaa. Tuwaweke wafanyabiashara wawili katika nyumba mbili zinazotazamana huko Kasongo, wote wakisema kwamba siku moja watarudi Unguja. Mshafii, baada ya juma la kwanza, alikuwa mkazi kwa sheria, akitaka asitake. Mwibadhi aliyeshika nia ya kurudi alibaki msafiri kwa muda wote huo, na kusali nne kungekuwa kosa.

Wakisali pamoja, sura ya tofauti huonekana. Imamu akiwa Mwibadhi msafiri hutoa salamu baada ya rakaa mbili, na Mshafii mkazi husimama kumaliza mbili zilizobaki, kama watu wa Makka walivyofanya. Imamu akiwa mkazi, wote husali nne. Safu haivunjiki. Lakini kila aliyesimama na kila aliyeketi amedhihirisha kwa mwili wake kama nchi hii ni kwake au si kwake.

Swali hilo halikuzaliwa Maniema. Khalifa Uthmani bin Affani, katika miaka ya mwisho ya utawala wake uliokoma mwaka 656, alisali rakaa nne huko Mina, mahali ambapo Mtume na makhalifa wawili wa kwanza walisali mbili. Watu walitafuta sababu. Wengine walisema ameoa Makka, hivyo amekuwa mkazi. Wengine walisema aliwaogopea mabedui wasidhani kwamba sala yenyewe ni rakaa mbili. Abdallah bin Masudi alilipinga tendo hilo, kisha akasali nne nyuma yake, akisema kuwa kutofautiana ni shari.

6. Safari ya maasia

Limebaki sharti moja la Shafii lisiloweza kurukwa na anayeandika juu ya njia hii. Ruhusa ya kufupisha na kukusanya hapewi aliyefunga safari kwa kusudi la maasia. Ruhusa ni msaada, na mwenye kwenda kupora hasaidiwi. Wafuasi wa Abu Hanifa hawakuliweka sharti hilo, kwa kuwa kwao safari ni safari.

Washafii huligawa jambo hilo kwa makini. Aliyetoka kwa kusudi la halali, kama kununua pembe, akaiba au akadhulumu njiani, ameasi ndani ya safari. Dhambi ni yake, lakini ruhusa hubaki. Aliyetoka kwa kusudi la dhuluma yenyewe ameasi kwa safari yake, naye husali nne, kila sala kwa wakati wake, mpaka atubu. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwapo Nyangwe, watu wa kambi ya wafanyabiashara walipowamiminia risasi watu waliokuja sokoni, na wengi wakafa maji wakikimbilia mto Lualaba. Katika njia hiyohiyo biashara na uvamizi viliandamana, mara nyingi katika msafara mmoja na chini ya bendera moja. Mpaka baina ya kuasi ndani ya safari na kuasi kwa safari, ambao katika kitabu ni mstari mmoja ulio wazi, hapa ulipita katikati ya kambi. Si kadhi aliyeweza kuutambua, bali yule aliyejua kwa nini alitoka nyumbani.

7. Hitimisho

Nyangwe na Kasongo zilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, na vita vikamalizika mwaka uliofuata. Waliokuwa na Unguja ya kurudia, baadhi yao walirudi. Waungwana wengi, na watu wa Maniema waliosilimu, walibaki. Kwa hao tofauti ya madhehebu tuliyoieleza ilikoma yenyewe. Aliyezaliwa Kasongo, mwenye wazazi na makaburi yake huko, ni mkazi kwa Shafii na kwa Ibadhi pia. Sala yake ya adhuhuri ni rakaa nne, na husali mbili anapokwenda mbali na kwake.

Hivyo katika mambo mawili yaliyoletwa na misafara, moja halikubadilika na jingine liligeuka. Kivuli cha kijiti huitaja alasiri ya leo kama kilivyoitaja mwaka 1875. Lakini Maniema, iliyokuwa mwisho wa safari ya watu wa pwani, imekuwa mahali ambapo safari huanzia.